"Usinipunguze Mwili": Barua ya Bibi Arusi kwa Mpiga Picha



Msomaji wetu mmoja, binti wa upande wa Machakos anayekaribia kufunga ndoa, ametuletea nakala ya barua aliyomwandikia mpiga picha wa arusi yake. Anatuuliza kama ametenda vyema au amejiletea ugomvi bure.

Mambo yenyewe ni haya. Wifi yake, dada mkubwa wa mchumba wake, amejitolea kulipia picha zote za arusi. Ni zawadi nzuri, na binti anashukuru. Lakini wifi huyo alimwambia mpiga picha mbele yao wote, kwa kicheko, "Huyu bibi arusi wetu umpunguze kidogo mikono na kiuno, na rangi yake uing'arishe." Mpiga picha akaitikia kama mtu anayeagizwa chai. Kisha akafungua albamu za mfano, na humo binti akaona picha ya mwanamke wa jumuiya yao ndogondogo, mtu anayekutana naye kila juma. Hakumtambua mpaka alipomwona bwana arusi aliyesimama kando yake.

Njiani kurudi nyumbani alimweleza mchumba wake kwamba hataki kufanyiwa vile. Mchumba akajibu, "Si picha tu? Acha wakupendezeshe." Binti anasema neno hilo ndilo lililomkosesha usingizi, kuliko hata yale ya wifi. Kesho yake akaandika barua. Tunaichapa kwa ruhusa yake, kwa sababu swali lililomo linawahusu hata ninyi mliofunga ndoa miaka 20 iliyopita na ambao picha yenu inaning'inia sebuleni.

BARUA YENYEWE

"Ndugu mpiga picha, salamu nyingi.

Nakuandikia juu ya picha za arusi yetu. Najua kuwa baada ya kupiga picha huwa unazirekebisha kwenye kompyuta, nami sipingi. Napenda tu tuelewane mapema ni nini cha kurekebisha na ni nini cha kuacha.

Chunusi ikinitokea wiki ile, iondoe. Jasho likinga'aa kwenye paji la uso, lipunguze. Uzi ukichomoza kwenye gauni, au mtu akisahau chupa ya soda nyuma yetu, viondoe. Weusi chini ya macho najua utakuwapo, kwa maana usiku ule hatutalala. Huo upunguze nusu, usiufute wote, nisije nikaonekana kama mwanasesere.

Kovu la mkono wa kushoto niliungua na uji nikiwa mtoto. Liache. Mwanya wangu pia uuache.

Kiuno, mikono, shingo na mashavu yangu usivipunguze. Ikiwa kamera yenyewe imeninenepesha kwa sababu nilisimama pembeni ya kundi, sahihisha kosa la kamera, ila usipite hapo. Na kuhusu rangi, nikitoka mweusi kuliko nilivyo kwa ajili ya gauni jeupe, niinue mpaka rangi yangu, usinipitishe. Uso na mikono yangu viwe vya mtu mmoja.

Kabla hujazishughulikia picha zote, naomba utengeneze moja ututumie, mimi na mchumba wangu tuitazame. Na zile za awali, ambazo hazijaguswa, tafadhali usizifute.

Wifi yangu ndiye anayelipa, nami namshukuru kwa moyo. Lakini jambo likihusu mwili wangu, niulize mimi.

Sikufundishi kazi yako. Nimeona picha zako na mwanga wako ni mzuri, ndiyo maana nataka zetu. Wako, bibi arusi."

Hiyo ndiyo barua. Tuichukue polepole, kwa sababu ndani yake binti huyu ametofautisha mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya: kosa la kamera, jambo la kupita, na mtu mwenyewe.

KAMERA NAYO HUDANGANYA

Wako wasomaji watakaosema: kama ni ukweli tunautafuta, basi picha isiguswe kabisa. Hilo lingekuwa sawa kama kamera ingekuwa jicho. Lakini kamera si jicho, na mara nyingine huharibu kabla ya kompyuta kuguswa.

Chukua picha ya ukoo mbele ya mlango wa kanisa. Watu ni 30 na nafasi ni ndogo. Mpiga picha hana pa kurudi nyuma, basi anatumia lenzi pana, tuseme ya milimita 24. Lenzi ya namna hiyo huwavuta watu walioko kwenye kingo za picha wakaonekana wapana kuliko walivyo, huku wa katikati wakibaki sawa. Shangazi aliyesimama mwisho wa mstari akiiona picha hulia kwamba amenenepa. Hakunenepa. Ni mahali aliposimama. Vivyo hivyo mpiga picha akichutama karibu na bibi arusi na kuinua kamera kutoka chini, kilicho karibu na lenzi hukua: nyonga huwa kubwa na kichwa huwa kidogo.

Kusahihisha mambo hayo si uongo. Ni kumrudishia mtu kipimo chake. Tena dawa bora haiko kwenye kompyuta. Mpiga picha akirudi nyuma hatua kadhaa na kutumia lenzi ya milimita 50 au 85, umbo hutoka karibu na lile ambalo wageni waliliona. Hata namna ya kusimama inasaidia. Mkono ukibanwa ubavuni, nyama yake hutandazika na kuonekana mnene. Ukiachwa mbali na mwili kidogo tu, hutoka kama ulivyo. Haya ni mambo ambayo bibi arusi anaweza kumwomba mpiga picha kabla ya siku, bila aibu yoyote.

Rangi nayo ina habari yake. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga, hudhani kwamba yale iliyoyaona, yakichanganywa pamoja, ni ya kijivu cha wastani. Ikijazwa gauni jeupe, hudhani mwanga umezidi, basi hupunguza, na uso mweusi wa bibi arusi hupotelea gizani. Huko nyuma, wakati wa filamu, shida ilikuwa kubwa zaidi. Maabara nyingi za kusafisha picha zilipima rangi zao kwa kadi za kampuni ya Kodaki zilizokuwa na picha ya mwanamke Mzungu. Mashine ilipangwa ili ngozi yake itoke vizuri, na sisi wengine tukatoka tulivyotoka. Baadhi yenu mna picha za wazazi wenu ambamo macho na meno tu ndiyo yanaonekana.

Kwa hiyo mpiga picha anayeuinua uso wa bibi arusi kutoka gizani anatenda haki. Ila kuna mahali pa kusimama. Mahali hapo ni rangi yake mwenyewe, ile ambayo mama yake anaijua. Namna ya kupima ni rahisi: tazama uso, kisha shingo, kisha mkono ulioshika maua. Kama uso ni wa mtu mmoja na mkono ni wa mwingine, mpiga picha amepita mpaka. Mtazame pia bwana arusi. Kama kaka na dada zake walikuja arusini wakiwa weusi na yeye pekee amekuwa maji ya kunde, wageni wataelewa kilichotokea.

JAMBO LA KUPITA NA MTU MWENYEWE

Sasa tuje kwenye chunusi. Huenda mtu akamshika binti huyu na kumwambia: umekataa kupunguzwa kiuno, mbona umekubali chunusi ifutwe? Je, chunusi haikuwapo siku ile?

Ilikuwapo. Lakini kipimo anachotumia, hata kama hakukitaja, ni cha busara, nacho ni kujiuliza: baada ya wiki 2 jambo hili litakuwapo? Chunusi itakuwa imekwenda. Jasho litakuwa limekauka saa ile ile. Uzi wa gauni utakatwa na fundi. Hayo ni mageni kwenye mwili wake, hata mama yake akiulizwa binti yako anafanana vipi hatayataja. Kovu, mwanya, unene wa mikono na upana wa nyonga ndivyo vitakavyokuwa naye kesho na keshokutwa. Ukiviondoa hivyo, hukumsafisha; umemwondoa yeye na kumweka mwingine.

Weusi chini ya macho uko katikati, na ndiyo maana ameomba upunguzwe nusu. Hapo ameonyesha kuielewa kazi. Mrekebishaji mzuri hafanyi marekebisho juu ya picha yenyewe. Huyafanya kwenye tabaka la juu yake, kama karatasi angavu iliyolazwa juu ya picha, kisha hupunguza nguvu ya tabaka lile. Katika programu ya Photoshop sehemu hiyo huandikwa Opacity, na mtu anaweza kuishusha kutoka 100 mpaka 50. Uchovu unabaki, lakini hauwi jambo la kwanza analoliona mtazamaji. Anayefuta yote hupata uso laini usio na vinyweleo, kama sahani ya plastiki. Utaitambua kazi ya namna hiyo ukiikuza picha: hereni zina kila mchoro wake, nyusi zina kila unywele wake, lakini shavu katikati yao halina kitu.

Swali jingine ambalo huja hapa ni la vipodozi na mavazi. Mbona bibi arusi huvaa nguo ya ndani inayombana kiuno, hupakwa poda na kusukwa nywele zisizo zake? Je, huo si uongo uleule? Hapana, na tofauti ni moja. Vile vyote alivivaa siku ile mbele ya watu. Padre alimwona hivyo, wasimamizi walimwona hivyo, mumewe alimshika mkono akiwa hivyo. Picha ikimwonyesha amebanwa kiuno, inasema kweli, kwa sababu kiuno kilibanwa. Picha ikionyesha kiuno ambacho hakuna aliyekiona, inashuhudia jambo ambalo halikutokea.

Kanisa letu halikubali ndoa ifungwe faraghani pasipo mtu wa kushuhudia. Kwa kawaida hutaka mashahidi wawili pamoja na padre au shemasi anayepokea ahadi. Mashahidi hawa hutakiwa kusema walichokiona na kukisikia, si kile ambacho kingependeza zaidi. Albamu si hati ya ndoa, lakini ndiyo shahidi ambaye wajukuu wenu watamwuliza. Na amri ya nane haikusema kwamba uongo wa kupendeza unaruhusiwa.

JINSI MWILI UNAVYOPUNGUZWA, NA ALAMA ZAKE

Wengi hawajui jinsi jambo hili linavyofanyika, na wakijua hawalitamani tena. Katika Photoshop kuna chombo kiitwacho Liquify. Mtu huweka duara juu ya ubavu wa bibi arusi na kusukuma kwa ndani, kama mpishi anavyosukuma ukingo wa ugali kwa mwiko. Picha inatii. Lakini kompyuta haisukumi mwili peke yake. Kilicho jirani na mwili huvutwa pamoja nao.

Kwa sababu hiyo alama za kazi hii hazitafutwi kwenye mwili. Hutafutwa kando yake. Tuchukue picha moja na kuikagua. Bibi arusi amesimama ndani ya kanisa, nyuma yake kuna mabenchi, na bwana arusi amemshika kiunoni. Tazama ukingo wa benchi unapopita nyuma ya kiuno: umenyooka, au umepinda kuelekea mwilini kama upinde? Tazama mistari ya vigae vya sakafuni karibu na nyonga. Tazama lesi ya gauni: maua yake ya katikati ni mviringo, na ya ubavuni yamebanwa yakawa kama punje za mchele? Mwisho utazame mkono wa bwana arusi. Vidole vilivyokuwa juu ya kiuno kilichosukumwa navyo vilisukumwa, basi mwanamume mwenye mikono ya kazi ana vidole vya mtoto. Ndiyo sababu wengine hupenda kufanya kazi hii kwenye picha zilizopigwa majanini, maana majani hayana mstari ulionyooka wa kuwasaliti.

Liko na tatizo la pili ambalo hakuna ufundi unaoliondoa. Arusi moja inaweza kutoa picha 600. Kumpunguza mtu vizuri katika picha moja huchukua muda, kwa hiyo mpiga picha hufanya hivyo katika chache zitakazokuzwa: ile ya madhabahuni, ile ya keki, ile ya bustanini. Katika zile nyingine 590 bibi arusi amebaki na mwili wake. Akifungua albamu, ukurasa wa kulia ana kiuno kimoja na wa kushoto ana kingine. Mjomba naye alipiga picha kwa simu yake na kuzituma kwa ukoo mzima. Video ipo. Kila anayelinganisha anajua, na mwenye kuaibika si mpiga picha.

Nchi nyingine zimeliona jambo hili katika biashara. Ufaransa, tangu mwezi wa Oktoba 2017, picha ya tangazo ambamo mwili wa mwanamitindo umepunguzwa au kunenepeshwa kwa kompyuta hapana budi iandikwe kwamba imerekebishwa. Norwe nayo ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2021. Lakini sheria hizo zinahusu matangazo. Albamu ya nyumbani haina askari wa kuilinda isipokuwa mwenye sura mwenyewe na barua kama hii.

PICHA ITAKAVYOSEMA BAADA YA MIAKA

Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe, nasi tunawaomba waume wasome taratibu.

Picha ya arusi haikai siku moja. Hutundikwa ukutani, na kila mwaka unaopita inazidi kuaminiwa, kwa sababu wanaokumbuka siku yenyewe wanapungua na kumbukumbu zao zinafifia. Baada ya watoto 3 na miaka 15, mke anasimama mbele ya picha ile. Kama ni picha ya kweli, anaona mwili wake wa ujana na mwili wake wa sasa, na katikati yake anaona mimba, maziwa, shamba na kazi. Hayo anaweza kuyakubali, hata kujivunia. Lakini kama picha ilipunguzwa, anajilinganisha na mwanamke ambaye hakuwahi kuwapo. Hawezi kumfikia kwa kujinyima chakula wala kwa mazoezi, maana hata siku ile ya arusi hakuwa yeye.

Mume naye anaitazama. Siku moja kuna ugomvi mdogo, labda wa chakula kilichochelewa, naye anaelekeza kidole ukutani: "Tazama ulivyokuwa!" Anaamini anachokisema. Amesahau kwamba aliyemwoa hakuwa mwembamba vile. Zawadi ya wifi imekuwa silaha ndani ya nyumba, na aliyeitengeneza hakumaanisha ubaya wowote.

Ndiyo maana hatukubaliani na bwana arusi mtarajiwa anaposema, "Si picha tu?" Hatudhani alikuwa na nia mbaya. Huenda alitaka tu kumtuliza mchumba wake na kuepuka maneno na dada yake. Lakini asikilize jinsi neno lake lilivyosikika. "Acha wakupendezeshe" maana yake, katika sikio la mwanamke aliyekwisha kusikia maneno ya wifi, ni kwamba kama alivyo hapendezi. Naye ndiye mtu mmoja duniani ambaye karibuni ataahidi kumpokea jinsi alivyo.

Kama tungekuwa tunazungumza naye, tungemwomba afanye mambo mawili tu. La kwanza, aende kwa dada yake mwenyewe, asimwachie mchumba. Dada ni wa kwake, na neno hili likitoka kwa bibi arusi litaitwa kiburi, bali likitoka kwa ndugu litasikika. Aseme kwa adabu, "Dada, asante kwa zawadi. Picha zipigwe vizuri kama ulivyopanga. Habari ya mwili wake tumwachie mwenyewe." Haina haja ya kuongeza. La pili, ile picha moja ya kujaribia itakapoletwa, waitazame pamoja, naye awe wa kwanza kusema anachokipenda ndani yake. Asiseme "umependeza" tu, aseme ni nini: mwanya, macho, namna alivyocheka. Mwanamke anajua tofauti.

NA KAMA NI YEYE ANAYETAKA APUNGUZWE?

Wako mabibi arusi ambao wangeandika barua ya kinyume. Hatuwahukumu. Wengi wao wamesemwa juu ya miili yao tangu wakiwa shule, na arusi inawatia hofu ya macho ya watu mia kadhaa. Mpiga picha akimkemea bibi arusi wa namna hiyo atakuwa amemwongezea aibu.

Lakini afadhali aulizwe: ni nini hasa unachokiogopa kwenye picha? Mara nyingi jibu ni dogo na lina dawa ya kweli. Mmoja anaogopa mikono. Basi fundi aweke mikono mirefu ya lesi, au asimame mkono ukiwa mbali na ubavu. Mwingine anaogopa kidevu cha pili. Mpiga picha akiinua kamera kidogo juu ya macho yake, na yeye akisogeza uso mbele kidogo, kivuli kitaondoka. Haya yote ni ya siku yenyewe, watu watayaona, na hayatapinda ukingo wa benchi lolote. Akishafanyiwa hayo na bado anataka kompyuta, mwili ni wake. Ila ahifadhi zile picha za awali. Siku moja binti yake atakuwa na nyonga zile zile, naye atataka kujua alizitoa wapi.

Tofauti kubwa ni nani aliyeomba. Mtu akijiombea, amejichagulia. Mwingine akimwombea pasipo kumwuliza, hata kama ndiye mwenye kulipa, amemwambia mbele ya watu kwamba ana kasoro. Kwa hiyo hata mpiga picha ana wajibu hapa. Akiambiwa na mama mkwe au wifi ampunguze bibi arusi, ajibu tu, "Nitamwuliza mwenyewe."

MPENDWA BINTI WA MACHAKOS

Hukutenda vibaya. Barua yako ni ya adabu, inaeleweka, na imeandikwa kabla ya arusi, wakati mpiga picha bado anaweza kupanga kazi yake. Wanaongoja mpaka albamu ichapwe huambulia ugomvi na gharama ya pili. Umemtajia unachotaka na usichotaka, jambo ambalo linamsaidia kuliko kumwambia "picha ziwe za kawaida," kwa sababu kawaida ya kila mpiga picha ni tofauti.

Tungeongeza neno moja. Mwombe akujibu kwa maandishi, japo kwa ujumbe mfupi wa simu, kwamba amesoma na amekubali. Mara nyingi anayepiga picha siye anayekaa kwenye kompyuta, na huyu wa pili hufanya alivyozoea, tena haraka. Jibu hilo likiwapo, mpiga picha atakumbuka kumpelekea barua yako. Na picha ya kujaribia ikija, itazame kwanza kwa ukubwa wa kawaida, kama mgeni atakavyoiona, kisha ikuze utazame shavu, lesi, na mkono wa mumeo.

MAMBO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Jioni moja shusheni ukutani picha yenu ya arusi, au toeni albamu, mjiulize pamoja:

1. Je, katika picha hii kuna kitu kilichoondolewa au kuongezwa? Nani alikiomba?

2. Ni alama gani ya mwili wa mwenzangu ambayo nisingependa kamwe ifutwe? Nimewahi kumwambia?

3. Nimewahi kumlinganisha mwenzangu na picha, yake au ya mtu mwingine? Yeye alijisikiaje?

4. Ndugu zangu wakisema juu ya mwili wa mwenzangu, mimi husema nini?